Uzi: Kwa nini kuacha pombe ghafla kunaweza kuua, ila kuacha sigara hakuui? (Kazi ya chuo, naombeni mchango)

Kijana wa Chuda

Habari za jioni wakuu. Nasoma uuguzi mwaka wa kwanza hapa Tanga mjini. Tumepewa kazi ya sayansi ya afya, swali linasema hivi: "Eleza athari za pombe, tumbaku na dawa nyingine za kulevya katika mwili wa binadamu. Andika kwa uwiano."

Madhara yenyewe ninayo kwenye daftari: ini, mapafu, moyo, akili. Nikiyapanga yanakuwa orodha tu, kila kitu ni kibaya, na mwalimu ameshasema orodha haitaki. Kuna kitu kimoja alikigusa darasani akapita haraka, kwamba mnywaji mkubwa akiacha pombe siku moja anaweza kufa, lakini mvuta sigara akiacha siku moja hafi. Nimekaa nalo hilo tangu siku ile. Kama pombe ni sumu, mtu akiiacha si ndiyo anapona? Anayelijua hili vizuri anieleweshe, nataka niijenge kazi yangu hapo.

Mzee wa Sahare

Kijana, mwalimu wako yuko sawa, mimi nimeshuhudia. Walevi wakikosa pombe wanatetemeka mikono mpaka kikombe cha chai kinamwagika. Hiyo ni damu imezoea, inadai. Lakini usichanganye mambo. Hiyo ni gongo na konyagi. Mnazi wetu huu hauna tabu, ni maji ya mti, wazee wa Mwambani na Pangani wamekunywa miaka yote na wamezeeka nao. Asubuhi ukiugema ni mtamu kama juisi. Weka hilo kwenye uwiano wako.

Fundi Pikipiki Makorora

Mimi nina swali hapohapo kwenye sigara. Niliacha kuvuta mwezi uliopita. Nilipokuwa navuta sikuwa nakohoa sana, sasa nimeacha ndiyo nakohoa kila asubuhi na makohozi yanatoka. Ina maana kuacha kumeniletea ugonjwa? Mke wangu ananiambia nivute hata moja kifua kitulie.

Bi Mkunga Mstaafu

Kijana wa Chuda, umeuliza swali zuri, nitakujibu kwa mgonjwa mmoja niliyemuuguza. Hospitali siitaji na jina lake silitaji.

Alikuwa mgema wa Pangani, umri kwenye hamsini. Alianguka kutoka kwenye mnazi Jumatatu saa nane mchana, akavunjika mfupa wa paja. Wakamfunga, wakamleta mjini, akalazwa wodi ya mifupa na mguu ukavutwa kwa uzito. Kwenye faili, pale pa kuuliza kama anatumia pombe, paliandikwa "hapana". Mwanawe ndiye aliyejibu, na hakuwa anadanganya. Baba yake hakuwa mtu wa baa.

Jumanne asubuhi mikono ilikuwa inatetemeka, jasho linamtoka na chai hataki. Mapigo ya moyo 112, presha 160 kwa 100. Ikasemwa ni maumivu, akapewa dawa ya maumivu. Jumanne usiku hakulala kabisa, na kabla ya alfajiri akaanguka kifafa kitandani, mara moja, dakika mbili hivi. Hakuwahi kuwa na kifafa maishani mwake. Wakampima malaria, hana.

Jumatano jioni ndipo nilipoingia zamu. Nilimkuta ana joto la 38.4, macho yamemtoka, anatoa panya kwenye shuka na kuwatupa chini. Panya hawapo. Kisha akawa ananyoosha mkono juu kama ameshika shina, na mkono wa pili unapitisha kotama. Alikuwa anagema, kitandani, mguu ukiwa kwenye uzito. Ndugu zake walishasimama mlangoni wanataka kumchukua wakamtoe majini. Na muuguzi wa mchana alikuwa ameshapewa maagizo ya klopromazini ya kumtuliza.

Nilimvuta pembeni yule kijana wake nikamuuliza, baba anakunywa nini anapogema? Akanijibu, "Anaonja tu mnazi, kila mti anaoshuka anaonja." Kwa siku je? "Hata lita tatu, bibi, lakini si pombe."

Mzee wa Sahare, shikamoo, kwa heshima yote, hapo ndipo ninapokupinga. Utomvu wa mnazi unaanza kuchacha ukiwa bado kwenye kibuyu juu ya mti, kwa sababu chachu inaingia kwenye sukari yake mara moja. Ukinywa asubuhi una kilevi kidogo, ifikapo jioni unafika kwenye nguvu ya bia. Tuchukulie asilimia 5. Lita tatu za asilimia 5 ni mililita 150 za kilevi chenyewe, karibu gramu 120. Ni sawasawa na chupa kubwa sita za bia za nusu lita. Kila siku, kwa miaka mingi.

Kijana wa Chuda

Bibi, shikamoo. Nimesoma mara mbili. Ninachotaka kuelewa ni mpangilio wa siku. Kwa nini Jumanne mikono, usiku kifafa, halafu panya waje Jumatano? Na kwa nini mwili ufanye vile wakati sumu imeshatoka?

Bi Mkunga Mstaafu

Marahaba mjukuu wangu.

Anza na ini. Ini la mtu wa kawaida linavunja kilevi kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na haliharakishwi na kahawa wala maji baridi wala kuoga. Mnywaji wa kila siku ini lake hukimbia kidogo zaidi. Kwa hiyo gramu zile 120 humalizika kwenye saa kumi na mbili hivi baada ya mtu kuacha kunywa. Mgema alionja mara ya mwisho mchana wa Jumatatu, usiku wa manane damu yake ilikuwa tupu au karibu tupu.

Sasa ubongo. Ubongo una mfumo unaotuliza na mfumo unaoamsha, tuseme breki na mafuta. Pombe inakanyaga breki na kupunguza mafuta, ndiyo maana mtu analegea na ulimi unakuwa mzito. Ukiufanyia ubongo hivyo kila siku kwa miaka, hauridhiki. Unadhoofisha breki zake wenyewe na unaongeza mafuta, ili mtu aweze kutembea, kuongea na hata kupanda mnazi akiwa na kilevi ambacho wewe kingekulaza. Kwa hiyo siku zote mgema yule alionekana mzima. Kilevi kilipoondoka, mabadiliko yale ya ubongo yakabaki. Breki dhaifu, mafuta mengi, na hakuna cha kuzuia.

Ndiyo maana saa 6 hadi 24 za kwanza unaona kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na kichefuchefu. Kifafa huja zaidi katika saa 48 za kwanza. Na ile hali mbaya kabisa, ya kuchanganyikiwa, joto na kuona visivyokuwepo, huja kati ya saa 48 na 96. Hesabu kutoka Jumatatu mchana uone kama hakufuata saa hizo.

Kinachoua ni moyo unaokwenda mbio kwa siku nzima, joto, kukaukiwa maji, chumvi za mwili kuvurugika, kifafa kinachorudiarudia, au matapishi kuingia mapafuni. Wanaofika hatua ile wakitibiwa vizuri, wanaofariki ni chini ya watu 5 katika kila 100. Wasipotibiwa ni wengi zaidi ya hapo.

Tabibu wa Muheza

Bi Mkunga amemaliza, naongeza mambo mawili ya kitabibu, maana hawa wanafunzi watakutana nayo.

La kwanza, mtu aliyeanguka kutoka mnazini halafu akachanganyikiwa siku ya tatu, usikimbilie pombe kabla ya kufikiria damu ndani ya fuvu. Unamulika mboni za macho uone kama ziko sawa, unaangalia kama mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, unauliza kama amekuwa akizidi kusinzia. Mwenye damu kichwani kwa kawaida anazama kwenye usingizi. Wa pombe anazidi kuamka, anatetemeka pande zote mbili, anatoka jasho. Lakini mlevi naye anaanguka na kuumia kichwa, kwa hiyo yote mawili yanaweza kuwa pamoja. Sukari ya damu ipimwe palepale. Na kipimo cha malaria kikisoma ndiyo, kisikufumbe macho, maana kwenye ukanda huu mtu anaweza kuwa na vimelea na bado kinachomtetemesha ni pombe.

La pili, klopromazini. Watu wengi wanaikimbilia kwa sababu inamnyamazisha mgonjwa anayepiga kelele. Inashusha kizingiti cha kifafa, na huyu ameshaanguka kifafa usiku. Dawa yake ni diazepamu, kwa sababu inaigusa breki ileile ambayo pombe ilikuwa inaikanyaga. Bi Mkunga, mlimpa kiasi gani?

Bi Mkunga Mstaafu

Ile klopromazini niliizuia nikampigia daktari wa zamu. Mboni zilikuwa sawa, hakuna upande uliolegea, sukari ilikuwa chini kidogo. Akaagiza diazepamu miligramu 10 mshipani, polepole, huku nahesabu pumzi zake, na kurudia mpaka atulie lakini awe anaamshika. Ilibidi irudiwe zaidi ya mara mbili. Ubongo uliozoea lita tatu hautulii kwa kipimo cha mtu wa kawaida.

Na kitu ambacho wanafunzi wanakisahau ni vitamini B1. Mnywaji wa namna hii hali vizuri, na tumbo lake halifyonzi vizuri, B1 imemwishia. Ukimtundikia dripu ya glukosi kwanza, mwili unatumia ile B1 ndogo iliyobaki kuichoma sukari, na sehemu za ubongo zinaharibika. Dalili zake ni macho kuchezacheza au kushindwa kugeuka, mwendo wa kupepesuka na kuchanganyikiwa. Wengine wanabaki na kumbukumbu iliyokufa maisha yote. Kwa hiyo sindano ya B1 ilitangulia, dripu ya glukosi ikafuata mara moja kwa sababu sukari ilikuwa chini.

Kamba tulizifungua. Ndugu walikuwa wamemfunga mikono kwa kanga, na mtu anayepambana na kamba anazidisha joto na moyo. Tukawasha taa, maana kwenye giza kila kivuli kinakuwa panya, na mwanawe akakaa karibu akiongea naye kwa sauti ya kawaida. Ijumaa akalala usingizi wa kweli. Jumamosi akauliza nani anagema minazi yake.

Mzee wa Sahare

Marahaba Bi Mkunga. Hesabu yako ya lita tatu nimeiona, sibishani nayo. Lakini kijana kaambiwa aandike kwa uwiano. Glasi moja ya mnazi jioni na samaki, hiyo mbona daktari mmoja aliniambia inasaidia moyo? Na sigara mnaiachia hivihivi? Sigara haina kutetemeka, haina panya, basi ndiyo nafuu.

Tabibu wa Muheza

Mzee wangu, habari ya kilevi kidogo kusaidia moyo ilikuwepo kweli na ilikuwa na watafiti wake, daktari wako hakuitunga. Tatizo lilikuwa kwenye kulinganisha. Kundi la "wasiokunywa" lilichanganywa na watu walioacha kwa sababu walikuwa wameshaugua, kwa hiyo wanywaji wa kidogo wakaonekana wazima kuliko wao. Ukiwatoa wale, faida inapungua sana au haionekani. Na kwa upande wa saratani, pombe imewekwa kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kuisababisha tangu 1988. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kabisa kwa afya. Hiyo haina maana kwamba glasi moja na lita tatu ni kitu kimoja. Hatari inapanda na kiasi, glasi moja jioni hatari yake ni ndogo. Kijana akiandika hivyo atakuwa ametenda haki pande zote.

Sigara sasa. Nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 baada ya kuvuta, na nusu yake inatoka kwenye damu kila baada ya saa mbili hivi, ndiyo maana mvutaji anataka tena na tena. Akiacha, anakuwa na hasira, halali, hawezi kutuliza mawazo, njaa inaongezeka. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya, kisha inapungua kwa wiki mbili mpaka nne. Haimuui kwa sababu nikotini haikuwa inashikilia breki za ubongo namna ile.

Kinachoua ni miaka ya kuvuta. Moshi unaleta kaboni monoksidi, ambayo inaing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Lami inachoma njia za hewa. Mishipa ya moyo na miguu inaziba taratibu. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua hadi nusu ya watumiaji wasioacha. Mzee, hiyo si nafuu hata kidogo. Haina kelele tu.

Bi Mkunga Mstaafu

Fundi Pikipiki, usisahaulike. Njia zako za hewa zina vinyweleo vidogo sana vinavyofagia uchafu kuelekea kooni. Moshi ulivilaza. Umeacha, vimeamka, vinafagia kilichokuwa kimekaa chini. Kukohoa kwa wiki kadhaa namna hiyo ni kawaida. Usivute hata moja, mwambie shemeji hivyo. Lakini ukiona damu kwenye makohozi, au unapungua uzito, au jasho la usiku, au kikohozi kimepita wiki mbili hakionyeshi kupungua, nenda ukapimwe kifua kikuu na upigwe picha. Usijipe jibu mwenyewe kwamba ni vinyweleo.

Fundi Pikipiki Makorora

Uzito umeongezeka, haujapungua. Damu hakuna. Ila mwezi umepita na kikohozi bado kipo kilekile. Kesho kutwa nina nafasi, nitakwenda. Asante sana bibi.

Mama wa Watatu

Samahanini kuingilia, najua huu ni uzi wa masomo. Nina mwanangu anatumia unga. Kaka zake wanataka wamfungie chumbani wiki mbili, wanasema arosto haiui, ikiisha atakuwa amepona. Mnazungumzia kuacha ghafla kunaua, mimi nimeogopa. Je, unga nao uko kama pombe?

Bi Mkunga Mstaafu

Hujaingilia, mwanangu. Nakujibu wewe kwanza, kijana atachukua cha kwake humohumo.

Unga wa heroini peke yake hauko kama pombe. Arosto ya unga inaanza saa 8 mpaka 24 baada ya kete ya mwisho, inakuwa kali kabisa siku ya pili na ya tatu, na makali yake yanaisha kwenye siku 5 mpaka 10. Utamwona anapiga miayo, mafua yanamtoka, vipele vya baridi, mifupa inauma, anaharisha na kutapika. Ni mateso, lakini kwa mtu mzima ambaye ananywa maji, kwa kawaida haimuui.

Nina swali moja la muhimu. Anatumia unga peke yake, au na vidonge vya usingizi na pombe? Wengi wa huku pwani wanachanganya. Kama anameza diazepamu kila siku, akifungiwa chumbani na vidonge vikakatika ghafla, hapo anaweza kuanguka kifafa kama yule mgema, kwa sababu ni breki ileile. Huyo asifungiwe hata siku moja bila kuonwa na daktari.

La pili ndilo linaloua vijana wetu. Mwili uliozoea unga unavumilia kiasi ambacho kingemzimisha mtu mwingine. Wiki mbili chumbani, uvumilivu ule unapotea. Hamu inabaki. Siku anatoka, akakutana na wenzake, akatumia kiasi chake cha zamani, pumzi inasimama. Mboni zinakuwa kama tundu la sindano, midomo inageuka rangi, anakoroma kisha kimya. Kwa hiyo siku ya hatari zaidi ni ile ya kwanza baada ya "kupona". Ukimkuta hivyo, mlaze ubavu, kama hapumui mpulizie pumzi, na mkimbizeni hospitali. Ipo dawa, inaitwa naloksoni, inarudisha pumzi kwa dakika chache, lakini inaisha nguvu mapema kuliko unga wenyewe, kwa hiyo hata akiamka asiondoke.

Tabibu wa Muheza

Mama, pale hospitali ya Bombo kuna kliniki ya metadoni, nendeni mkaulize. Muhimbili ndio walioanza huduma hii bara, Februari 2011, na sasa iko mikoani. Metadoni inakaa kwenye vipokezi vilevile vya unga, lakini inakwenda polepole na inadumu siku nzima. Kijana anakwenda kila siku anainywa mbele ya mhudumu, hana arosto, hana ule ulevi wa kupanda na kushuka, na uvumilivu wake haupotei ghafla. Haiponyi kwa wiki mbili. Wengi wanakaa nayo kwa miaka.

Mama wa Watatu

Vidonge anameza, nimevikuta kwenye suruali yake, vya manjano. Sijui jina. Nitawaambia kaka zake wasimfungie. Kwenda kila siku kutokea Pongwe ni nauli, na wenzake ndio wanaokaa kwenye njia hiyohiyo.

Bi Mkunga Mstaafu

Vichukue vidonge vyenyewe uvipeleke wavione, rangi peke yake haitoshi. Na habari ya nauli uwaambie wazi siku ya kwanza, usione haya. Ni sababu ya wengi kukatisha dawa, wahudumu wanaijua.

Kijana wa Chuda

Nimepata mwelekeo. Nafikiri nitaacha kupanga dawa kwa ubaya wake. Kila moja nitaiuliza maswali mawili: inaharibu nini mtu anapoendelea kuitumia, na mwili unafanya nini anapoiacha. Sigara itakuwa nzito kwenye swali la kwanza na nyepesi kwenye la pili. Pombe nzito kote kuwili kwa mnywaji mkubwa, nyepesi kwa mwenye glasi moja. Unga unaua kwa pumzi wakati wa kutumia, na baada ya kuacha unaua kwa kurudia. Kisa cha mgema nitakitumia kwa ruhusa yenu, bila mahali wala jina.

Swali langu la mwisho ni la kijijini. Mtu kama yule mgema angekuwa hakuvunjika mguu, ameamua tu kuacha, yuko mbali na hospitali, mikono imeanza kutetemeka. Ndugu wafanye nini? Wampe mnazi kidogo?

Tabibu wa Muheza

Mimi nitasema kitu ambacho hakimo kwenye vitabu vya wengi. Kama bado ana akili timamu, anatetemeka tu, na usafiri ni kesho, afadhali anywe kidogo kuliko alivyozoea ili afike akiwa mzima, na huko aanzishiwe dawa. Nimefanya kazi kwenye zahanati isiyokuwa na diazepamu. Mtu aliyewahi kuanguka kifafa alipoacha zamani, huyo asijaribu kabisa kuacha nyumbani.

Bi Mkunga Mstaafu

Siungi mkono. Mnazi wa asubuhi na wa jioni si nguvu moja, utapima kwa nini? Na ndugu wakishaambiwa "mpe kidogo" watampa hata akiwa amechanganyikiwa, utaingia mapafuni. Ninachokubali ni mtu kupunguza mwenyewe kwa siku nyingi akiwa hajaanza dalili, huku anakula na kunywa maji. Mikono ikianza kutetemeka, ni safari ya hospitali hata kwa bodaboda ya usiku.

Tabibu wa Muheza

Bodaboda ya usiku kutoka vijiji vya ndani ya Pangani wakati wa masika, Bi Mkunga, wewe mwenyewe unazijua barabara zile. Tuko pamoja kwenye jambo moja: akishaona visivyokuwepo, akianguka, au akiwa na joto, asipewe chochote mdomoni. Kwa mengine nabaki na msimamo wangu.

Mzee wa Sahare

Mimi nina mjukuu anatafuna mirungi usiku kucha akiendesha lori la Horohoro. Hiyo nayo akiacha inakuwaje? Hamjaitaja.

Tabibu wa Muheza

Mirungi inaamsha, haikanyagi breki, kwa hiyo kuacha kwake ni kinyume: analala sana, mnyonge, hana hamu ya kitu, anaota ndoto mbaya, kwa siku kadhaa. Kifafa cha kuacha hakuna. Hatari yake iko wakati wa kutumia, presha na mapigo vinapanda, na huyu anaendesha bila kulala. Majani yakikauka nguvu inapungua haraka, ndiyo maana yanasafirishwa mabichi na kwa mwendo wa kasi. Muulize mjukuu kama anashushia na vidonge au pombe ili apate usingizi akifika. Akijibu ndiyo, mlete hapa tuzungumze, maana swali linakuwa jingine. Na wewe Kijana wa Chuda, kwenye rasimu yako rekebisha sentensi ya unga: hausubiri mtu aamue kuacha ndipo uue kwa kurudia. Hata aliyetoka mahabusu, au aliyelazwa wiki tatu kwa ugonjwa mwingine, uvumilivu wake umeshashuka vilevile.